Laki moja ya kikopo kilichokaa dirishani: barua ya wazi kwa Waganga Wafawidhi na wakuu wa maabara

Kwa Waganga Wafawidhi wa hospitali za wilaya na za rufaa za mikoa, kwa wakuu wa maabara, na kwa wauguzi viongozi wa kliniki za wajawazito.

Wakubwa zangu, shikamooni.

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye mimba ya wiki 26 alikuja dirishani kwetu na karatasi ya majibu mkononi. Kwenye mkono mwingine alikuwa bado na alama ya plasta pale kanula ilipokuwa. Alikuwa amemaliza siku tano za seftriaksoni na alitaka kujua kama wadudu wameisha. Nilimuuliza kama alikuwa na homa. Hakuwa nayo. Maumivu ya kukojoa? Hapana. Kiuno kilimuuma, lakini kilikuwa kikimuuma tangu mwezi wa tano wa mimba, na mimba ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Nikaichukua ile karatasi nikaisoma. Chini kabisa kulikuwa na saini yangu.

Mstari wa juu, kwa herufi nene, ulisomeka `>100,000 CFU/mL`. Chini yake, kwa maandishi madogo, nilikuwa nimeandika kwamba aina tatu za bakteria zimeota, kwamba sampuli inaelekea kuwa imechafuka, na kwamba iletwe nyingine. Tabibu aliona laki moja akaandika dawa. Simlaumu. Ana wagonjwa hamsini nje ya mlango, na mimi ndiye niliyempa namba ya kutisha kwa herufi nene.

Ninawaandikia kwa sababu ya karatasi hiyo. Nimekaa kwenye benchi la bakteriolojia miaka kumi na moja na najua sikuwa wa kwanza kuitoa.

Niliporudi kwenye daftari la mapokezi nilikuta kikopo chake kiliingia saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi. Kwenye daftari la benchi kiliandikwa saa saba na nusu mchana. Katikati hapo kilikaa kwenye trei ya dirishani pamoja na vingine kumi na kitu, upande unaopigwa na jua, kwa sababu friji ya sampuli ilikuwa imejaa damu za kliniki na mtu wa kubeba trei alikuwa mmoja.

Mkojo ni chakula kizuri cha bakteria. Wakiwa kwenye joto la chumba chetu cha mapokezi, bakteria wa tumboni kama E. coli hutulia kidogo kwanza, halafu huanza kujigawa. Tuseme walipumzika saa nzima na zaidi, kisha wakawa wanaongezeka maradufu kila dakika 40, na hapo sijazidisha. Katika saa nne watajigawa mara sita, na maradufu sita ni mara 64. Bakteria 2,000 kwa mililita, idadi ambayo mwanamke yeyote mwenye afya anaweza kuiangusha kikoponi kutoka kwenye ngozi, watakuwa 128,000. Laki moja imepita, na mama hajawahi kuugua. Ndiyo maana vitabu vyetu vinasema mkojo uoteshwe ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 usizidi saa 24. Tunaijua kanuni hii sote, tumeitahiniwa chuoni. Ila kikopo kikifika benchi hakuna kinachonionyesha kilikojolewa lini, maana fomu yetu ya maombi ina nafasi ya tarehe tu. Saa haimo.

Hilo ni la dirishani. La chooni ni kubwa zaidi.

Yule mama alinisimulia alivyotoa sampuli yake, nami nikamwomba radhi kwa kumuuliza mambo ya faragha. Alipewa kikopo akaambiwa, "Chukua hiki, ukaweke haja ndogo, ulete hapa." Basi. Akaingia choo cha kuchuchumaa. Mkono mmoja ulishika khanga isiguse chini, mwingine ukashika kikopo, na kifuniko akakibana kwa meno, kwa sababu hakuna pa kukiweka isipokuwa sakafuni. Alikojoa moja kwa moja kikoponi tangu tone la kwanza, akajaza, akafunika. Kwa maelekezo aliyopewa, hakukosea chochote.

Kitaalamu tunaomba mkojo wa katikati. Kibofu cha mtu mzima asiyeumwa huwa na bakteria wachache mno kuonekana kwenye sahani zetu, lakini sehemu ya mwisho ya njia ya mkojo ina wenyeji wake, na mashavu ya uke na ngozi inayoyazunguka yana wengi zaidi. Mkondo wa kwanza unaisafisha njia hiyo. Ukiukinga, umekinga bakteria wa ngozi. Ukiuacha uende chooni na kukinga unaofuata, unapata kitu kinachokaribia yaliyomo kibofuni.

Nimesikia wagonjwa wakielewa "mkojo wa katikati" kwa namna ambazo singezifikiria. Mmoja alisubiri mchana, akidhani ni katikati ya siku. Wengi zaidi hukojoa kidogo, wanakata, wanafungua kikopo, halafu wanaanza upya. Wakianza upya mkondo ni wa kwanza tena, na mara nyingi mwili umesogea na nguo imegusa. Kinachotakiwa ni mkojo usikatwe. Unaanza chooni, unahesabu moja, mbili, tatu, unaingiza kikopo kwenye mkondo uleule unaotiririka, unakitoa kikiwa na vijiko viwili hadi vinne vya chai, unamalizia chooni. Vijiko hivyo ni mililita 10 hadi 20 na zinatutosha kabisa. Kikopo kilichojaa hadi juu hakitusaidii lolote zaidi ya kumwagika kwenye trei.

Kwa mwanamke liko jambo jingine ambalo tunaona haya kulitamka dirishani, nalo ndilo lenye uzito: mashavu ya uke yatanuliwe kwa vidole na yabaki yametanuliwa mpaka kikopo kitoke. Yakiachwa, mkojo unapita juu ya ngozi kabla ya kuingia kikoponi, na huko unazoa kila kitu. Kwa mwanamume ambaye hajatahiriwa, govi livutwe nyuma. Kujisafisha kwanza kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, ni vizuri, lakini msiweke matumaini yote hapo. Tafiti zilizolinganisha wanawake waliojipangusa na wasiojipangusa ziliona tofauti ndogo, nyingine hazikuona kabisa. Tena kujisafisha kuna madhara yake kukifanywa vibaya. Wapo wanaotumia dawa ya kuua vijidudu, ikachuruzika ndani ya kikopo, nasi tukatoa jibu kwamba hakuna kilichoota kwa mgonjwa anayelia akikojoa. Wapo wanaonawa kwa kopo la ndoo ya chooni, maji hayajakauka, na yanayodondoka kikoponi ni maji ya ndoo.

Sasa hesabuni mikono. Mmoja wa khanga, mmoja wa kutanua, mmoja wa kikopo. Mitatu, na bado kifuniko. Tunamdai mjamzito kitu kisichowezekana katika choo tulichompa, halafu tunamrudishia karatasi inayosema sampuli yake ni chafu. Dada mmoja muuguzi wa kliniki kwetu aligundua dawa ya jambo hili bila semina yoyote: anawaambia wajawazito wajifunge khanga juu ya kiuno kabla ya kuingia, waioshe mikono, na waufungue mfuniko wakiwa wamesimama, wauweke kwenye rafu upande wa ndani ukiwa juu. Rafu yenyewe ni kipande cha ubao alichompigilia fundi wa hospitali karibu na mlango. Vikopo vya wanaopita kwake navijua hata kabla ya kusoma majina, kwa sababu chini ya hadubini havina zile seli bapa kubwa za ngozi zilizotapakaa kama magamba ya kitunguu. Seli hizo zikiwa nyingi, najua mkojo umepita juu ya ngozi, na seli za usaha zilizo pembeni yake zinaweza kuwa zimetoka ukeni.

Nije kwenye benchi, ambako sisi tunakosea wenyewe.

Tunachovya lupu kwenye mkojo, tunachora kwenye sahani ya agari, tunaiweka kwenye inkubeta ya nyuzi 35 hadi 37 usiku kucha, asubuhi tunahesabu koloni. Lupu tunayotumia hapa inabeba maikrolita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita. Kwa hiyo kila koloni moja ninayoiona inawakilisha bakteria 1,000 katika kila mililita ya mkojo. Koloni 5 ni 5,000. Koloni 100 ni laki moja. Zaidi ya hapo zinaanza kugusana, nasi tunaandika "zaidi ya laki" na kuishia hapo. Mtabibu anayesoma karatasi angefaidika kujua hili, kwa sababu lina maana mbili. Ya kwanza, tofauti kati ya 3,000 na 5,000 ni koloni mbili tu, haina uzito wowote. Ya pili, lupu hii haina uwezo wa kuona chini ya 1,000. Tukiandika "hakuna kilichoota" tunasema hawakufika elfu moja kwa mililita, hatusemi mkojo hauna hata mmoja.

Laki yenyewe ilitoka wapi? Ni kazi ya Edward Kass wa Boston, miaka ya 1950. Alikuwa anatafuta namna ya kutenganisha bakteria waliomo kibofuni na wale walioingia njiani kwa wanawake wasio na dalili yoyote, na wenye maambukizi ya figo. Kwa wasio na dalili aliona kwamba sampuli moja yenye laki au zaidi ilithibitishwa na sampuli ya pili mara 80 hivi katika kila 100. Zikiwa mbili mfululizo, uhakika ulipanda hadi 95. Kwa hiyo hata mwenye kipimo chake hakukiamini kikopo kimoja peke yake, na hapo alikuwa na sampuli zilizotolewa kwa uangalifu na kuoteshwa kwa wakati. Sisi tunaibeba laki yake na kuiweka juu ya kikopo kilichokaa juani tangu asubuhi.

Tena laki hiyo si mpaka wa kila mtu. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake wa Seattle walichukua wanawake wenye maumivu makali ya kukojoa, wakalinganisha mkojo wa katikati na mkojo uliochukuliwa moja kwa moja kibofuni. Waliona kwamba kwa mwanamke mwenye dalili, hata bakteria 100 wa jamii ya E. coli kwa mililita waliweza kuwa ndio wanaoleta ugonjwa. Nilimkumbuka Stamm wiki mbili zilizopita, alipokuja binti wa chuo. Anakojoa kila nusu saa, mkojo unachoma, seli za usaha zimejaa uwanja mzima wa hadubini, seli bapa hakuna. Kwenye sahani kulikuwa na koloni tano, zote aina moja, zote E. coli. Mwenzangu alitaka kuandika kwamba uotaji si wa maana kwa kuwa haujafika laki. Koloni tano safi kwa binti yule ni ugonjwa. Koloni mia mbili mchanganyiko kwa yule mama ni choo na dirisha. Angesoma namba peke yake, mtabibu angemtibu asiyeumwa na kumrudisha nyumbani anayeumwa.

Kwa hiyo mimi nikipokea sahani sianzi kuhesabu. Kwanza naangalia ni aina ngapi. Moja, naendelea. Mbili, naangalia kama mojawapo imetawala na mgonjwa ana dalili gani. Tatu au zaidi, kwa mtu asiye na mpira wa mkojo, naiita imechafuka, namba iwe yoyote. Halafu naangalia ni nani. Laktobasili, difteroidi na wale stafilokoka wa kawaida wa ngozi ni wenyeji wa mlangoni. Yupo stafilokoka mmoja, saprofitikasi, anayewaumiza kweli wasichana, na huyo namtafuta. Streptokoka wa kundi B kwa mjamzito namwandika hata akiwa kidogo, kwa sababu ya mtoto. Mwisho narudi hadubini: usaha upo? Seli bapa zipo? Namba inakuja baada ya hayo yote.

Na sampuli iliyochafuka haipimwi dawa. Nasema hili kwa wakuu wa maabara hasa. Tukichukua koloni mojawapo kati ya tatu na kuizungushia vidonge vya dawa kwenye sahani, tunatoa karatasi nzuri yenye orodha ya dawa zinazofaa na zilizoshindwa, na hakuna mtabibu duniani atakayeiacha bila kutibu. Tena huyo bakteria wa ngozi aliyeshinda dawa nne anaingia kwenye takwimu zetu za usugu, tunazipeleka juu, nazo zinarudi kama mwongozo.

Najua mtaniuliza: mjamzito asiye na dalili tunampima wa nini, si tuache? Hapana. Mjamzito ni katika wachache ambao bakteria kwenye mkojo bila dalili hutibiwa, kwa sababu wakiachwa wanaweza kupanda kwenye figo. Kwa watu wengine wengi, mzee wa miaka 70 asiye na dalili kwa mfano, bakteria hao huachwa, na kipimo chenyewe hakikupaswa kuombwa. Kwa mjamzito jibu lina uzito, na ndiyo sababu sampuli yake ndiyo inayostahili choo chenye rafu.

Ninayoyaomba hayahitaji mashine.

Kwenye vyoo vya kutolea sampuli, angalau kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume, pawe na rafu, maji ya bomba na sabuni. Vikopo viwe vya mdomo mpana, safi, vitolewe na sisi. Kuna siku napokea chupa ya dawa ya kikohozi iliyosuuzwa, na mdomo wake ni mwembamba kiasi kwamba hata mwanamume mwenye shabaha ataugusa. Maelekezo yatolewe kwa mdomo, na mwanamke kwa mwanamke, kabla kikopo hakijakabidhiwa. Ukitaka kubandika mchoro ukutani, ubandike ndani ya choo, si kwenye korido ambako mtu anaona haya kusimama kuusoma.

Kwenye fomu iongezwe nafasi ya saa ya kukojoa. Kama kikopo hakiwezi kufika benchi ndani ya saa mbili, tununuliwe mirija yenye asidi ya boriki, ambayo inawazuia bakteria wasiongezeke hadi saa 24 bila friji. Ila mirija hiyo ijazwe mpaka kwenye mstari. Mkojo ukiwa kidogo, dawa inakuwa kali na inaweza kuwaua hata wale tunaowatafuta, na tutakuwa tumebadilisha uongo mmoja kwa mwingine. Kama mirija haipo, rafu moja ya friji iandikwe MKOJO na damu isiwekwe hapo.

Kwenye karatasi ya majibu, sampuli ikiwa na aina tatu au zaidi, isiandikwe namba kabisa. Iandikwe kwa herufi nene kwamba sampuli imechafuka, haiwezi kusomwa, iletwe nyingine, na dawa zisianzwe kwa jibu hili. Namba iliyochapwa itasomwa, hata ukiiwekea maelezo chini yake. Mimi nimeshaibadilisha yangu wiki hii, kwa kalamu, nikisubiri mkuu wangu aibadilishe kwenye kompyuta.

Na kila mwisho wa mwezi tuhesabu: sampuli ngapi za mkojo zimeingia, ngapi zimechafuka, zimetoka wodi au kliniki gani. Isiwe ya kumuumbua mtu. Mkiona kliniki moja ina nyingi kuliko nyingine, nendeni mkaangalie choo chake kabla ya kuwaita wauguzi kikaoni.

Kuhusu yule mama: nilimpa kikopo kingine nikamwita yule dada wa kliniki amweleze. Alirudi baada ya dakika tano, mkojo ukiwa robo ya kikopo, nami nikauotesha hapo hapo akiwa bado kwenye benchi la nje. Kesho yake sahani ilikuwa tupu. Aliposikia alifurahi sana, akasema dawa zimefanya kazi. Sikuweza kumwambia ndiyo wala hapana. Seftriaksoni ilikuwa imetoka tu kupita mwilini mwake, na sahani tupu baada ya siku tano za dawa haiwezi kunieleza kilichokuwemo kabla yake. Nimemwandikia kwenye kadi ya kliniki arudi baada ya wiki mbili, asubuhi, na aniulizie dirishani.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa maabara, benchi la bakteriolojia